Tarehe za Kilwa: Ulimi na Kalamu Mbele ya Mwanahistoria

Utangulizi

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa mara nyingi na wanafunzi wetu wanapoeleza kwa nini maandishi yanaaminika kuliko masimulizi. Katika insha zao za somo la fasihi na historia ya Kiswahili, jambo lililoandikwa huitwa "ushahidi", na jambo lililosimuliwa huitwa "ngano". Mgawanyo huu una urahisi wake, lakini humfanya mwanafunzi asome vibaya pande zote mbili: huyaamini maandishi bila kuyahoji, na huyadharau masimulizi bila kuyasikiliza.

Makala haya yanauhakiki mgawanyo huo kwa kutumia mfano mmoja tu, nao ni habari za kuanzishwa kwa utawala wa Washirazi katika kisiwa cha Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, habari hizo zimetufikia kwa matini tatu zinazotofautiana, na kila moja inaonyesha jinsi ulimi na kalamu zinavyoingiliana. Pili, sisi wa bara tunaosomesha Kiswahili mbali na bahari huulizwa kila mwaka kama Kiswahili na ustaarabu wake vililetwa na majahazi saba kutoka Uajemi. Hatuwezi kujibu swali hilo kwa haki bila kujua majahazi hayo saba yametoka wapi: baharini au katika usimulizi.

Matini tatu za habari moja

Matini ya kwanza ni ya Mreno João de Barros, aliyeichapisha mwaka 1552 katika historia yake ya Wareno huko Asia. Barros hakupata kufika Afrika Mashariki. Alikuwa ofisa wa serikali mjini Lisbon, na alitumia tarehe ya wafalme wa Kilwa iliyopatikana baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Kwa mujibu wake, mwanzilishi wa utawala alikuwa Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi na mama Mhabeshi. Ndugu zake walimdharau kwa sababu ya mama yake, naye akaondoka Hormuzi na watu wake kwa merikebu mbili. Akapita Mogadishu na Barawa, akafika Kilwa, na kisiwa akakinunua kwa nguo. Barros anayaweka mambo hayo baada kidogo ya mwaka 400 Hijria, yaani mwanzoni mwa karne ya 11.

Matini ya pili ni ya Kiarabu, nayo hujulikana kama Kitab al-Sulwa. Mwandishi wake hakujitaja jina, bali aliishi katika zama zile zile za kuingia kwa Wareno. Nakala tuliyo nayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikapelekwa Uingereza na balozi John Kirk, na kuchapishwa mwaka 1895. Dibaji yake inaahidi sura kumi, lakini nakala ina saba tu. Humu mfalme wa Shirazi anaota ndoto ya panya mwenye pua ya chuma akizitafuna kuta za mji. Anaielewa ndoto hiyo kuwa ni dalili ya maangamizi, anaondoka na wanawe sita kwa merikebu saba, na kila merikebu inatia nanga mahali pake. Iliyofika Kilwa inakuta Mwislamu mmoja aliyekwisha kukaa hapo pamoja na msikiti, na mtawala asiyekuwa Mwislamu ambaye anakiuza kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Matini hii inataja katikati ya karne ya tatu Hijria, yaani karne ya 9. Tofauti yake na Barros ni zaidi ya miaka 100.

Matini ya tatu ni ya Kiswahili. Ilisimuliwa mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Carl Velten akaichapa mwaka 1907. Hii haina panya wala merikebu saba. Inaanza kwa kuwataja watu waliokaa kisiwani kabla ya Mshirazi yeyote, na mkuu wao mzee Mrimba. Anapofika Sultani Ali, anaomba mahali pa kukaa, anatoa zawadi za nguo na shanga, kisha anamwoa binti wa Mrimba. Baadaye Mrimba anahamia bara, na nguo zinatandazwa kama ilivyoahidiwa. Mtoto aliyezaliwa na Ali na binti huyo anakwenda kumtembelea babu yake, na babu anamkabidhi madaraka.

Ni ipi iliyoandikwa, na ni ipi iliyosimuliwa?

Mwanafunzi akiulizwa atasema matini mbili za kwanza ni za maandishi na ya tatu ni ya masimulizi. Jibu hilo ni sahihi kwa karatasi tu. Mwandishi wa Kitab al-Sulwa aliandika habari za watu waliotangulia kuzaliwa kwake kwa karne kadhaa. Kwa sehemu za mwanzo za kitabu chake, alichokuwa nacho mkononi ni mapokeo, na alama za mapokeo hayo bado zinaonekana.

Tazama idadi ya merikebu. Saba ni idadi ya usimulizi, nasi tunaikuta katika hadithi zetu nyingi: bahari saba, siku saba, ndugu saba. Barros, aliyeipata habari kwa njia nyingine, ana merikebu mbili. Tazama pia panya wa chuma. Waarabu wana masimulizi mashuhuri juu ya kuvunjika kwa bwawa la Marib huko Yemeni, na humo pia panya ndiye anayelibomoa bwawa na kuwafanya watu wahame. Panya huyu basi ni kipera cha hadithi kinachosafiri, kinachotumika kueleza kwa nini watu wakubwa waliiacha nchi yao nzuri. Kalamu haikumfanya panya kuwa wa kweli. Ilimhifadhi tu.

Hata shahidi anayetegemewa kuliko wote, Ibn Batuta, haepuki hali hii. Yeye alifika Kilwa mwaka 1331 na kumwona sultani kwa macho yake. Hata hivyo kitabu cha safari zake hakikuandikwa pale Kilwa. Alikisimulia huko Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwandishi Ibn Juzai akayatia maneno yake katika maandishi, kazi iliyokamilika mnamo 1355. Tunachokiita ushahidi andishi ni kumbukumbu ya msafiri iliyopitia mkononi mwa mtu mwingine.

Kwa mantiki hiyo swali la kwanza la mhakiki lisiwe "Je, imeandikwa?" bali "Habari hii imepitia kwa nani na nani kabla ya kunifikia, na kila mmoja alikuwa na haja gani nayo?" Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake mwingi Kongo na Rwanda na ambaye kitabu chake cha 1961 ndicho kilichowafundisha wanahistoria kuyachukulia mapokeo kama vyanzo, alisisitiza jambo hili: kila usimulizi ni wa watu wawili, aliyepokea zamani na anayesimulia leo, na huyu wa pili hasemi bila sababu.

Haja ya msimulizi

Tuliulize swali hilo kwa matini zetu. Mwaka 1505 Wareno walimwondoa Amiri Ibrahim aliyekuwa akitawala Kilwa, wakamweka Muhammad Ankoni. Wote wawili hawakuwa wa nasaba ya kifalme. Kwa hiyo matini ya Kiarabu na ile iliyomfikia Barros zilitungwa na kukusanywa wakati swali la nani mfalme wa haki lilikuwa la moto mjini. Orodha ya wafalme katika hali hiyo si kumbukumbu tu, ni hoja ya kesi. Ndiyo maana orodha hizo mbili zinakubaliana kwa majina mengi na kutofautiana mahali ambapo nasaba moja inachukua nafasi ya nyingine.

Nguo nazo zinasema jambo. Katika matini zote tatu kisiwa kinapatikana kwa nguo. Hakitekwi kwa upanga. Huu ni uti wa mgongo wa mapokeo, kwani umebaki katika Kireno, Kiarabu na Kiswahili kwa zaidi ya miaka 350. Lakini kudumu kwa jambo hakuthibitishi kwamba lilitokea. Huenda limedumu kwa sababu lilikuwa na faida kwa watawala wa kila kizazi: tulinunua, hatukunyang'anya. Mwanahistoria anaweza kusema kwa uhakika kwamba watu wa Kilwa waliuona ununuzi kuwa msingi wa haki ya kutawala. Hawezi kusema kwamba siku fulani nguo zilipimwa kuzunguka kisiwa.

Kinyume chake, jambo lisilompa msimulizi faida, au linalompunguzia heshima, lina uzito wa pekee. Kitab al-Sulwa inakiri kwamba Washirazi walikuta msikiti na Mwislamu. Kama lengo lilikuwa kuwatukuza waanzilishi, kwa nini kukiri kwamba dini iliwatangulia? Hapa mapokeo yanasema kitu ambacho wachimbaji walikuja kukiona. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta mabaki ya makazi chini kabisa ya tabaka za wakati wa Washirazi. Kisiwa kilikuwa na watu tangu mnamo karne ya 9, wakiwa na vyungu vya kienyeji na bidhaa kidogo kutoka ng'ambo.

Kesi ya mwaka: Ali bin al-Hasan alitawala lini?

Sasa tufuatilie suala moja hadi mwisho. Tuna karne ya 9 kwa matini ya Kiarabu na mwanzo wa karne ya 11 kwa Barros. Mwanahistoria Freeman-Grenville, katika kitabu chake cha 1962, alizilinganisha orodha za wafalme na miaka ya utawala wao, akapendekeza mwaka wa 957. Alifanya kazi ya makini, lakini alikuwa anapima maji kwa maji: mapokeo kwa mapokeo.

Chittick alileta shahidi wa aina nyingine. Ardhini Kilwa kulikuwa na sarafu nyingi ndogo za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan. Jina basi si la hadithini, ni la mtu. Sarafu hizo hazina mwaka, na kwa hiyo Chittick aliangalia tabaka za udongo zilimokutwa na vigae vya vyombo vya ng'ambo vilivyokuwa pamoja nazo. Vigae vile vilikuwa vya mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1965 akatoa hukumu: utawala wa Washirazi ulianza mnamo 1200, na miaka ya tarehe zote mbili iwekwe kando.

Kwa karibu miaka 20 hukumu hiyo ilipokewa na wengi. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nje. Miongoni mwa majina katika zile za fedha limo la Ali bin al-Hasan. Dinari za dhahabu, tofauti na zile za kienyeji, zina miaka, na ya karibuni kabisa ni ya karne ya 11. Mark Horton na wenzake wakahitimisha kwamba Ali alitawala katika karne ya 11. Yaani Barros, aliyekuwa ameandika mbali na Kilwa kwa lugha ya kigeni, alikuwa karibu na ukweli kuliko nakala ya Kiarabu ya nyumbani na kuliko udongo kama ulivyosomwa mara ya kwanza.

Tunajifunza nini? Si kwamba maandishi yameshinda, maana maandishi mawili yalipingana na moja likashindwa. Wala si kwamba akiolojia imekosea. Sarafu huendelea kutumika muda mrefu baada ya mfalme kufa, na kwa hiyo tabaka la udongo linaonyesha wakati sarafu ilipopotea, si wakati ilipopigwa. Tunajifunza kwamba shahidi hupimwa kwa shahidi asiyetegemea chanzo kile kile. Orodha mbili zilizotoka katika mapokeo mamoja ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Orodha na sarafu ni mashahidi wawili.

Kwa mfano, Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14 anatajwa na Kitab al-Sulwa kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, mwenye vipawa. Ibn Batuta, ambaye hakutegemea kitabu hicho, anamtaja kwa jina na lakabu ile ile, na sarafu zinalibeba jina lake. Huyu hatuna shaka naye.

Alichokumbuka mzee wa Kiswahili

Limebaki suala gumu zaidi: je, waanzilishi walitoka Uajemi kweli? Katika miaka ya 1980 wanahistoria wengi, Thomas Spear akiwa mmojawapo, waliona kwamba "Shirazi" ni lugha ya mapokeo. Kwa maoni yao, watu wa miji ya pwani, waliohamia kusini kutoka upande wa Lamu, walijinasibisha na mji mashuhuri ili kujipa cheo. Hoja hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwani ilivunja dhana ya zamani kwamba Mwafrika hangeweza kujenga mji wa mawe. Jina lenyewe lilikuwa limebeba uzito wa kisiasa pia, kama chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa Zanzibar mwaka 1957 kinavyotukumbusha.

Mwezi Machi 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban miaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa ikiwa miongoni. Ulionyesha kwamba asili za Afrika na Asia zilianza kuchanganyika mnamo mwaka 1000. Upande wa Asia katika kipindi cha mwanzo ulikuwa hasa wa Uajemi na ulipitia kwa wanaume, na upande wa wanawake ulikuwa karibu wote wa Afrika.

Sasa irudie matini ya tatu, ile iliyowekwa mwisho kwa kuwa ni ya mdomo tu na ya juzi. Ni hiyo peke yake inayosema wazi kwamba mgeni alimwoa binti wa mwenyeji na kwamba mtoto wao alipokea madaraka kwa babu mzaa mama. Jamii nyingi za eneo la Ruvuma hurithishana kwa upande wa mama. Msikilizaji wa huko aliielewa habari hiyo mara moja: mtawala wa Kilwa ni halali kwa sababu ya mama yake. Waandishi wa nasaba za kifalme, waliohesabu baba kwa baba, hawakuwa na mstari wa kumwandikia binti wa Mrimba. Ulimi ulimbeba.

Hata hapa tusiruke mipaka. Vinasaba havithibitishi kwamba Mrimba aliishi, wala havituambii kama ndoa ilikuwa ya hiari. Aidha, waliochunguzwa wengi walizikwa karibu na misikiti au katika makaburi ya wenye hadhi, na mvuvi wa kawaida huenda alikuwa na asili tofauti. Wala watu kuchanganyika si sawa na lugha kuletwa. Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa sarufi na msingi wa msamiati wake, na hakuna mfupa unaolibadili hilo.

Na kwetu bara?

Tatizo hili si la pwani pekee. Speke alipokuwa katika baraza la Mutesa mwaka 1862 aliandika majina machache ya Makabaka, chini ya kumi. Stanley, aliyefika mwaka 1875, aliandika zaidi ya thelathini. Apolo Kaggwa akachapa orodha yake mwaka 1901, na tangu hapo ndiyo inayofundishwa. Huenda Speke hakuuliza vya kutosha, au wenyeji hawakuona haja ya kumweleza mgeni yote. Lakini David Henige ametahadharisha juu ya jambo jingine: mara kusoma na kuandika kulipoenea katika falme za Buganda na Bunyoro, urefu wa orodha ukawa fahari, na kitabu kilichokwisha kuchapwa kikarudi vijijini na kusimuliwa kama mapokeo ya wazee. Mtafiti akimrekodi mzee wa leo, anaweza kuwa anamrekodi Kaggwa. Maandishi yanayorudi mdomoni ni hatari zaidi kuliko masimulizi yanayoingia kitabuni, kwa sababu yanaonekana kuwa shahidi wa pili na siye.

Hitimisho

Kalamu ina nguvu moja kubwa: huyafunga maneno yasibadilike tena, hata tunaweza kumshika mwandishi kwa alichosema mwaka 1552. Udhaifu wake ni kwamba hufunga pamoja kweli na uongo, na huchagua nani astahili mstari. Ulimi una nguvu ya kubeba mahusiano: nani aliolewa na nani, ardhi ni ya nani na kwa haki gani. Udhaifu wake ni mwaka na idadi, kwani vitu hivi hukaa vibaya kinywani na hugeuka saba.

Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha insha juu ya tarehe za pwani asiridhike na mwanafunzi aliyeandika "kwa mujibu wa maandishi" au "kwa mujibu wa masimulizi". Amwulize: aliyasema nani, aliyapata kwa nani, yalimfaa nini, na ni nani mwingine, asiyemjua huyo, aliyesema vivyo hivyo? Anayeweza kujibu maswali hayo manne kuhusu merikebu saba na binti wa Mrimba ameanza kusoma historia.